Kitabu Kikifika, Nani Atapokea?

Mwezi huu naomba nianze kwa kukiri kosa, maana najua wenye ndoa changa wengi mtajiona humu humu. Mwaka jana mimi na mke wangu tulinuniana wiki mbili nzima kwa sababu ya kitabu. Si kwamba tulibishana juu ya kilichoandikwa ndani yake. Tulinuniana kwa sababu kitabu kilifika, halafu hatukujua kimeishia mikononi mwa nani.

Kwa wageni wa safu hii, mimi kibarua changu kiko Mwanza. Mke wangu ni muuguzi mwenye diploma, na aliamua kurudi darasani kutafuta digrii Dodoma. Anakaa hosteli na wenzake watatu chumba kimoja. Mimi huku najipikia, yeye kule anakesha na vitabu, mapenzi yetu yanaishi kwenye simu. Maisha ya ndoa ya mbali mnayajua, sina haja ya kuyaeleza.

Muhula ule alihitaji kitabu kimoja kikubwa ambacho wanafunzi wa uuguzi hukiita Brunner tu. Jina lake kamili, kama utalitafuta mtandaoni, ni Brunner & Suddarth's Textbook of Medical-Surgical Nursing. Toleo lake la 15 lilitoka mwaka 2021. Ni kitabu cha zaidi ya kurasa 2,000. Maktaba ya chuo ilikuwa nacho, lakini nakala zenyewe za kuhesabu na huruhusiwi kutoka nazo. Ukitoka zamu wodini saa 2 usiku, hiyo maktaba unaikuta inakaribia kufungwa. Basi tukaamua kukiagiza kutoka kwa muuzaji wa Dar es Salaam anayeuza vitabu mtandaoni.

Yeye alichagua kitabu, mimi nikalipa na kujaza oda. Palipoandikwa jina nikaweka la mke wangu. Palipoandikwa simu nikaweka yake. Palipoandikwa mahali pa kufikisha nikaandika jina la hosteli. Nikabonyeza, nikajiona mume wa mfano.

"Nimemkabidhi jamaa yake"

Muuzaji alifanya kazi yake vizuri tu. Kitabu kilipakiwa kwenye basi, kikafika Dodoma jioni. Wakala wa vifurushi akampigia mke wangu mara tatu, simu haikupokelewa. Akapekua karatasi ya oda, akakuta namba yangu kama mlipaji, akanipigia mimi. Nikamwambia ampe bodaboda yeyote wa hapo stendi apeleke hosteli, nitamlipa kwa simu. Saa 3 usiku bodaboda akanipigia.

"Bosi, mzigo umefika. Huyu dada hapokei, lakini usijali, nimemkabidhi jamaa yake hapa getini."

Msomaji, hebu jiweke kwenye viatu vyangu. Uko Mwanza, ni usiku, mkeo hapokei simu tangu saa 11, halafu mwanaume usiyemjua anakwambia amemkuta "jamaa yake" getini. Usingizi sikuuona. Nilipiga mara kumi na tisa, nilihesabu. Saa 2 asubuhi ndiyo akanipigia, sauti imechoka. Alikuwa zamu ya usiku, na simu huwa wanafungia kabatini wanapokuwa wodini. Kabla hajamaliza salamu nikamrukia: jamaa yako ni nani?

Akanyamaza. Halafu akauliza, "Jamaa yangu yupi?"

Tulimtafuta huyo jamaa hatukumpata. Bodaboda alichokumbuka ni kijana mwenye koti jeupe. Sasa kwenye chuo cha afya, mwenye koti jeupe ni nani asiyekuwa naye? Mlinzi wa usiku alikuwa amebadilishana zamu. Mlinzi wa asubuhi akasema wao wamekatazwa kupokea mizigo ya wanafunzi, kwa hiyo hana daftari wala kumbukumbu. Shilingi 240,000 za kitabu, 10,000 za basi na 5,000 za bodaboda zikayeyuka hivyo.

Lakini hela haikuuma kama maneno. Wiki mbili baadaye, tulipoanza tena kuongea kama watu, mke wangu aliniambia kitu ambacho sitakisahau. "Siku ile hukuniuliza kitabu kiko wapi. Uliniuliza jamaa ni nani." Kumbe muda wote nilipokuwa nimenuna, yeye alikuwa anakaa maktaba mpaka taa zinazimwa, ananakili majedwali ya dawa kwa mkono.

Jumapili moja tukaamua tuweke hasira pembeni, tuchukue karatasi na kuuliza swali moja: mzigo ulipotea hatua ipi? Jibu lilitushangaza. Kila mtu kwenye ule mnyororo alikuwa anabahatisha. Wakala hakujua ampe nani, bodaboda hakujua ampe nani, mlinzi hakujua lolote. Tulikuwa tumetoa namba moja tu ya simu, ya mtu ambaye kwa kazi yake hawezi kupokea simu. Yule mwizi hakuhitaji ujanja wowote. Alihitaji kusema maneno matatu tu: mimi jamaa yake.

Mtu wa kupokea

Mara ya pili tulianza mwisho. Kabla ya kutafuta kitabu, tulitafuta mtu wa kukipokea. Na hapa ndipo wengi tunapokosea, kwa sababu tunatafuta mtu tunayempenda wakati kinachotakiwa ni mtu anayekuwepo.

Mimi wazo langu la kwanza lilikuwa mwenzake wa chumba, binti mwaminifu sana, tunamheshimu. Mke wangu akacheka. "Huyo tuko naye zamu moja. Nikiwa sipokei simu, na yeye hapokei." Wazo la pili lilikuwa mlinzi. Mlinzi ni mtu mzuri, lakini anabadilishana na mwenzake, na kama kanuni za hosteli zinamkataza kupokea mizigo, unamtafutia matatizo kazini. Wazo la tatu lilikuwa kiongozi wa darasa. Huyo ana wanafunzi mia moja wanaomwagiza, na mzigo wako utalala chini ya meza ya mtu mwingine.

Mwishowe mke wangu akanitajia mama mmoja mwenye duka la steshenari ng'ambo ya geti la hosteli. Anatoa fotokopi, anabana ripoti za wanafunzi, anauza kalamu na vocha. Tulimpima kwa mambo manne. Kwanza, yupo pale kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 2 usiku, Jumatatu hadi Jumamosi. Pili, simu yake haizimwi, maana biashara yake ya miamala inaitegemea. Tatu, ana kabati lenye kufuli. Nne, na hili ndilo kubwa, jina lake pale getini ndiyo mtaji wake. Kitabu kimoja kikipotea dukani kwake, hosteli nzima itajua kabla ya jioni. Mtu wa namna hiyo ana sababu yake mwenyewe ya kulinda mzigo wako.

Halafu mke wangu akafanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Alienda kumwomba. Watu wengi tunaweka namba ya mtu kwenye oda bila hata kumwambia, eti ni mtu wetu. Siku mzigo unafika, mtu anapigiwa simu na wakala asiyemjua, anadhani ni matapeli, anakata. Mke wangu alikaa na yule mama, akamweleza ni kitu gani kinakuja, kutoka wapi, siku gani, na kwamba hatadaiwa chochote na mtu yeyote. Wakakubaliana shilingi 3,000 za usumbufu. Mama alitaka kuzikataa, mke wangu akasisitiza. Ukimlipa mtu kidogo, inakuwa kazi yenye masharti, na unaweza kumuuliza maswali bila haya.

Wakachagua pia neno la kukabidhiana. Neno letu lilikuwa karafuu. Analijua mke wangu, mama na mimi. Yeyote anayekuja kuchukua mzigo dukani alitaje, asipolitaja aondoke. Mama akasema hata kama mtu atakuja na picha ya mke wangu kwenye simu, neno kwanza.

Kabla ya kulipa

Sasa kitabu chenyewe. Mara hii mke wangu ndiye aliyeagiza kwa mkono wake, kwa sababu yeye ndiye anayejua anachokitaka. Alienda maktaba akapiga picha jalada la nyuma la nakala ya chuo, pale juu ya ule mstari wa mistari myeusi, ambapo kuna namba inayoitwa ISBN. Tangu mwaka 2007 namba hiyo ina tarakimu 13 na huanza na 978 au 979.

Kwa nini ahangaike na namba wakati jina la kitabu analijua? Kwa sababu jina moja linaweza kuwa na vitabu vingi. Kuna matoleo ya miaka tofauti, kuna kitabu cha juzuu moja, kuna seti ya juzuu mbili, kuna nakala ya kusoma kwenye kompyuta, na kila umbo lina ISBN yake. Brunner kimewahi kuuzwa kama kitabu kimoja na kama seti ya juzuu mbili. Muuzaji wa kwanza tuliyemfuata alitutumia picha nzuri sana, bei nzuri sana. Mke wangu akaikuza ile picha, akaona jalada limeandikwa juzuu ya kwanza. Akauliza ya pili iko wapi. Muuzaji akajibu, "Dada, hiyo unaagiza peke yake." Yaani tungelipa nusu ya kitabu tukijua tumepata kizima.

Wa pili alikuwa na bei ya kushangaza zaidi, shilingi 70,000, kitabu "kipya kabisa". Hapo mke wangu akaomba picha tatu: jalada la nyuma lenye ISBN, ukurasa wenye jedwali la dawa, na kitabu kikiwa kimefunguliwa katikati. Zilipokuja akaniambia nizitazame vizuri. Jedwali lilikuwa na mistari ya kijivu iliyofifia, maneno ya karibu na mshono yamemezwa, na picha za rangi zimekuwa kama matope. Ilikuwa kopi ya kudurufu iliyobandikwa jalada jipya. Nikamuuliza, si inasomeka? Akanijibu kama mwalimu. "Kwenye dozi ya dawa, nukta moja ikifutika, nusu miligramu inakuwa miligramu tano. Mgonjwa hatajua kwamba kosa ni la fotokopi." Hapo nikanyamaza.

Wa tatu ndiye tuliyekubaliana naye. Bei shilingi 230,000. Mke wangu alimwomba achome kwenye kitabu kipande cha karatasi chenye tarehe ya siku hiyo na jina lake la kwanza, apige picha. Ni ombi dogo, lakini linamtenganisha mwenye kitabu mezani na mwenye picha ya kuokota mtandaoni. Mwenye kitabu hukutumia ndani ya dakika kumi. Asiye nacho huanza hadithi za mtu wa stoo katoka.

Kuhusu malipo tulikubaliana nusu kwanza, nusu iliyobaki baada ya kutumiwa picha ya risiti ya basi. Nilituma kwa Lipa Namba ya biashara. Kabla ya kuweka namba ya siri nikasoma jina lililotokea kwenye simu, nikalilinganisha na jina la duka. Lingekuwa jina la mtu nisiyemjua, ningesimama hapo hapo nikampigia kwanza.

Safari ya mzigo

Tulichagua siku. Mzigo usipakiwe Ijumaa wala Jumamosi, kwa sababu ukichelewa kidogo unaangukia Jumapili, duka la mama limefungwa. Tukachagua Jumanne, basi linaloondoka Dar es Salaam alfajiri, ambalo hupita Morogoro na kufika Dodoma mchana au alasiri, mama yupo dukani. Tukamwomba muuzaji avingirishe kitabu kwa nailoni mara mbili kabla ya kukiweka kwenye boksi. Buti la basi lina vumbi, na jirani wa boksi lako anaweza kuwa ndoo ya samaki.

Juu ya boksi na kwenye risiti tuliandikisha jina la mama na namba yake. Namba ya pili ilikuwa yangu. Namba ya chumba cha mke wangu hatukuiandika popote. Boksi linapita mikononi mwa watu wengi, na hakuna sababu ya hata mmoja wao kujua binti fulani analala chumba gani. Tulikatazana pia kuweka picha ya risiti kwenye status. Ile karatasi ina jina, ina simu, ina namba ya mzigo. Ukiibandika hadharani, umewapa matapeli kila wanachohitaji.

Muuzaji alipotuma picha ya risiti, mke wangu akaisambaza kwa mama pamoja na ujumbe mmoja, nami nauweka hapa kama ulivyokuwa, anayetaka aunakili:

"Mama shikamoo. Mzigo ni boksi moja la vitabu. Umepakiwa leo Jumanne asubuhi Dar, risiti ni hiyo hapo juu, namba ya gari ipo chini. Wakala atakupigia wewe. Naomba umtume kijana wako wa bodaboda, umtajie wakala jina lake na namba ya pikipiki. Nauli nimeshatuma kwako. Mzigo umelipiwa wote, usimpe mtu yeyote hela. Nikiwa sipatikani mpigie mume wangu. Nitakuja kuchukua kesho saa 12 jioni, neno ni lile lile."

Angalia huo ujumbe, msomaji. Kila aliyebahatisha mara ya kwanza, safari hii ameambiwa. Wakala anajua ampigie nani. Bodaboda si wa kuokota stendi, ni kijana aliyembebea mama mizigo ya duka miaka mitatu. Mama anajua hakuna deni.

Na hilo la deni lilitusaidia siku ile ile. Saa 7 mchana simu yangu ikalia meseji: kifurushi chenu kimezuiliwa, tuma shilingi 15,000 kwenye namba hii ili kiachiwe, jina litakuja fulani. Wenzangu wa Tanzania mnaijua hiyo lugha, ndugu yake ni ile ya "ile hela itume kwenye namba hii". Mara ya kwanza ningetuma, kwa presha niliyokuwa nayo. Safari hii nilichukua namba iliyochapishwa kwenye risiti, siyo ile iliyokuja kwenye meseji, nikapiga. Wakala akasema basi halijafika hata Dodoma, na mzigo haudaiwi senti. Namba ya tapeli tukairipoti kwenye 15040, namba ya mamlaka ya mawasiliano kwa ajili ya matapeli wa simu.

Nigusie hapo hapo kwa wale mnaoagiza vitabu nje ya nchi. Vitabu vilivyochapishwa havitozwi ushuru wa forodha katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Msafirishaji anaweza kuwa na ada yake ya kushughulikia mzigo, hiyo muulize kabla na akupe risiti. Lakini mtu akikutumia meseji kwamba unadaiwa "ushuru wa kitabu" na ulipe kwa namba yake binafsi, huyo mwache na njaa yake.

Kufungua boksi

Jumanne alasiri mama akanitumia picha: boksi liko kabatini. Nikamalizia kumlipa muuzaji? La hasha, nilikuwa nimeshamalizia asubuhi alipotuma risiti, kama tulivyoahidiana. Na ahadi ilikuwa na upande wa pili: kama kuna kasoro, tumwambie ndani ya siku mbili na abadilishe. Kwa hiyo namna ya kufungua boksi nayo ilikuwa na utaratibu.

Mke wangu alienda Jumatano jioni, akataja neno, akasaini daftari la mama. Hakubeba boksi kwenda nalo chumbani. Alimwomba mama ashike simu arekodi, yeye akakata gundi pale pale juu ya kaunta. Akaonyesha ISBN kwenye kamera, akailinganisha na picha ya maktaba. Akafungua mwanzo, katikati na mwisho kwenye faharasa. Halafu akapitisha kidole gumba kwenye kona za kurasa akisoma namba za kurasa kwa kuruka ruka. Kurasa za kitabu hushonwa kwa mafungu, na kosa linalotokea kiwandani ni fungu moja kurudiwa na jingine kusahaulika. Ukitazama jalada huwezi kujua. Unajua siku unatafuta ugonjwa wa figo, unakuta moyo mara mbili.

Chetu kilikuwa sawa. Akanipigia video akiwa amekikumbatia kama mtoto, mama nyuma yake anacheka. Tulikuwa tumetumia shilingi 230,000 za kitabu, 10,000 za basi, 5,000 za bodaboda na 3,000 za mama. Ile elfu tatu ndiyo iliyonilipa kuliko zote.

Karafuu

Naomba nimalizie na hili. Muhula uliofuata nilipata likizo, nikapanda basi Mwanza alfajiri, Shinyanga, Nzega, Singida, nikaingia Dodoma kiza kinaanza. Mke wangu alikuwa zamu ya jioni. Alikuwa ameagiza kitabu kingine, cha famakolojia, na nilijua kiko dukani kwa mama. Nikaona nimfanyie sapraizi, nikichukue mwenyewe nimsubiri nacho getini kama kwenye filamu.

Nikaingia dukani, nikaamkia, nikajitambulisha. Mimi ndiye mume wa yule muuguzi, tumeongea mara nyingi kwenye simu. Mama akafurahi sana. Akaniuliza habari za Mwanza, akanipa kiti, akanipa maji. Nikamwambia nimekuja kuchukua kile kitabu.

"Neno?"

Msomaji, safari ya kutwa nzima ilikuwa imelifuta kichwani. Nikajaribu mdalasini. Nikajaribu iliki. Mama akatikisa kichwa taratibu, bado anatabasamu. Nikamwonyesha picha za harusi kwenye simu. Nikamwonyesha kitambulisho. Nikamwambia, mama, mimi ni mumewe.

"Najua, baba," akasema. "Lakini hapa getini kila mtu ni jamaa yake mtu."

Nilikaa kwenye kile kiti mpaka saa 2 kasoro, mikono mitupu, hadi mke wangu alipotoka zamu na kutukuta. Akaniangalia, akamwangalia mama, akaelewa kila kitu. Akainama sikioni kwangu na kulitaja lile neno, na mama akafungua kabati.